Kibanda na jukwaa: viombwe kwenye barua moja au mbili?

Fundi Baridi: Tunauza vifaa vya kurekodi joto la friji za chanjo. Kuna kongamano la wafamasia na nataka kumwandikia mwandaaji. Je, ni sawa kuomba kibanda na nafasi ya kuzungumza kwenye barua pepe moja, au nitaonekana nanunua jukwaa?

Mjumbe wa Kamati: Tenganisha. Nimekaa kwenye kamati ya programu kwa miaka kadhaa, na barua ya namna hiyo ikifika kwetu tunajua mwisho wake kabla hatujaisoma. Kibanda kinauzwa na mtu wa maonyesho, mwenye ramani ya ukumbi mkononi. Mada inapimwa na kamati, na mara nyingi majina ya waombaji huwa yamefichwa. Ukiandika "tutachukua kibanda, na pia tungependa kuzungumza", yule wa kwanza anakupeleka kwa wa pili, wa pili anaona harufu ya biashara, na barua inabaki kati hapo haina mwenyewe.

Muuzaji Mzoefu: Kaka, usitishwe. Lipia kibanda kikubwa kwanza, nafasi ya kuzungumza itakuja yenyewe. Ndivyo mambo yanavyokwenda.

Mjumbe wa Kamati: Nusu ya hilo ni kweli. Makongamano mengi huuza vipindi vya wafadhili, na bei yake imo kwenye kabrasha la maonyesho. Ila kipindi hicho huandikwa wazi kwenye ratiba kuwa kimedhaminiwa, na nimeona kumbi zake zikibaki na watu wa kampuni yenyewe na rafiki zao. Nafasi inayopitia kamati hainunuliwi kwa ukubwa wa kibanda. Kama kuna mahali inanunuliwa kimyakimya, washiriki huligundua dakika ya tatu.

Mfamasia wa Zamu: Samahani, mimi nilidhani mnazungumzia barua ya kuomba udhamini wa kuhudhuria. Basi niseme langu kama mshiriki. Mwaka fulani nilipita vibanda kumi na kitu, nikatoka na kalamu saba na mfuko. Hakuna hata mmoja aliyenijibu nilichokuwa nacho kichwani: friji yetu ilisoma nyuzi 4 usiku kucha, asubuhi nikakuta chupa mbili zina chembe za barafu.

Fundi Baridi: Dada, hilo ndilo tatizo ninaloliona kila wiki! Kihisi kimewekwa karibu na mlango, chupa zimegusa ukuta wa nyuma ambako ubaridi unatoka. Kinachosomwa ni joto la mlangoni. Na chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo hakuna nafasi kubwa ya kukosea.

Mjumbe wa Kamati: Umeona? Hiyo ndiyo mada yako, na hukuitaja kwenye swali. Hebu tuwekee rasimu uliyokuwa unataka kutuma.

Fundi Baridi: Hii hapa, msinicheke. "Kampuni yetu inaongoza katika suluhisho za kisasa za mnyororo baridi. Tungependa fursa ya kuwasilisha bidhaa zetu kwa washiriki wenu na kujenga ushirikiano wenye manufaa kwa pande zote."

Mjumbe wa Kamati: Sicheki, lakini toa jina la kampuni yako, weka la muuza viti. Barua imeharibika? Haijaharibika. Basi haijasema kitu. Mwandaaji ana jambo moja linalomkosesha usingizi: washiriki wakirudi nyumbani, watasema walipata nini? Mjibu hilo kwenye sentensi ya kwanza.

Bibi Vibanda: Mimi nimepanga kumbi za maonyesho hadi miguu imevimba, kwa hiyo nitasemea upande wa kibanda. Mwanangu, usilete friji ya kung'aa ya kuonyesha. Waambie waje na vipimajoto vyao wenyewe, uvipime hapo hapo. Unajua namna?

Fundi Baridi: Najua, bibi. Barafu iliyopondwa, ijae chombo kinachotunza baridi, maji ya kuziba mianya tu, unakoroga, unatumbukiza kihisi bila kugusa kuta, unasubiri usomaji utulie. Hapo joto ni nyuzi 0. Kikisoma 1.5, basi kimezidisha nyuzi moja na nusu. Kwenye friji kikisema 3, huenda kweli ni 1.5, na hapo umeshatoka nje ya mpaka bila kujua.

Bibi Vibanda: Basi iandike hivyo hivyo. Nimejaribu:

*Kichwa: Ombi la kibanda: washiriki wapime usahihi wa vipimajoto vyao*

*Ndugu Mratibu wa Maonyesho,*

*Mfamasia atakayekuja na kipimajoto cha friji yake ataondoka akijua kinakosea kwa kiasi gani. Tutakipima kwenye maji ya barafu na kumpa kadi yenye tarehe na tofauti iliyoonekana. Kazi hii huchukua kama dakika kumi kwa mtu, nasi tutakuwa wawili mezani. Kipimo ni cha nyuzi 0 peke yake. Hakichukui nafasi ya cheti cha maabara, na kadi itasema hivyo.*

*Tunaomba eneo la mita 3 kwa 3, meza mbili na ruhusa ya kuleta barafu ukumbini. Maji tutayabeba wenyewe kwenye ndoo yenye kifuniko. Tunaomba pia washiriki waarifiwe mapema waje na vipimajoto vyao. Tangazo la mistari miwili tumeliambatisha.*

Ile ruhusa ya barafu usiisahau. Nimeona kibanda kizuri kikifungwa asubuhi ya kwanza kwa sababu ukumbi una zulia na haukubali maji. Na bila tangazo la mapema watakuja mikono mitupu, mbaki mnatazama barafu ikiyeyuka.

Muuzaji Mzoefu: Nakubali ni nzuri. Lakini bidhaa iko wapi? Mwenye kampuni atauliza amelipia nini.

Bibi Vibanda: Iko mezani, pembeni. Mtu akishaona chake kimekosea atauliza mwenyewe.

Mjumbe wa Kamati: Mada itume kivyake, kupitia mwito wa mada, kabla dirisha halijafungwa. Kichwa: "Friji ilisoma nyuzi 4, chanjo zikaganda". Kwenye muhtasari sema utaonyesha rekodi ya usiku mmoja, kihisi kilikuwa wapi, na jaribio la kutikisa linavyotambua chanjo iliyoganda. Sema pia mipaka yake: linafaa kwa chanjo zenye chumvi za alumini, si kwa kila chupa. Na tamka kwamba unauza vifaa hivi. Ukificha, swali la kwanza kutoka ukumbini litakuumbua.

Mfamasia wa Zamu: Hiyo ningehudhuria. Ila akitaja kifaa chake hata mara moja, natoka.

Muuzaji Mzoefu: Hata mara moja? Mtu ajifanye hana kazi? Mimi naona kipindi cha kudhaminiwa, kilichoandikwa wazi, ni cha kweli kuliko huyu anayejificha nyuma ya elimu.

Mjumbe wa Kamati: Hapo sikupingi moja kwa moja. Kamati yetu wenyewe tumegawanyika: wengine wanaruhusu slaidi moja ya mwisho, wengine hapana. Uliza kanuni yao kabla ya kutuma.

Fundi Baridi: Ya kibanda nimetuma jioni hii, ya mada naandika kesho. Bosi wangu anataka kila anayepimiwa aache namba ya simu kwanza.

Mfamasia wa Zamu: Mimi naondoka na kipimajoto changu.

Bibi Vibanda: Mpime kwanza. Namba aandike akitaka, nyuma ya nakala ya kadi.

Muuzaji Mzoefu: Na asipotaka, bosi umwambieje?