Bosi anakata posho yangu kwa kosa la aliyepakia, madereva mnavumiliaje hili?

Wakuu nipo Nala nje ya Dodoma, nimekaa chini ya tela toka saa 6 mchana na nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Ngoja niwape siku yangu yote ndo mjue naongea nini.

Nimeondoka Morogoro saa 10 alfajiri, semi ya ekseli sita, mifuko 640 ya mbolea naipeleka Kahama. Gairo saa 1 nikanywa chai na viazi vitamu vya moto, utingo wangu kanunua vya kutosha kama tunaenda vitani. Mbele ya Kibaigwa kuna fuso imeandikwa nyuma HARAKA ZAKO PELEKA KWENU, inapanda kilima kwa mwendo wa konokono, tumecheka hadi akanipigia indiketa ya kushoto nipite. Hizo ndo raha zetu na sizikatai, barabara ikiwa nyeupe na jua linatoka nyuma yako unasahau mengi.

Sasa nafika mizani hapa Nala. Ekseli ya mbele kilo 7,200, ekseli mbili za difu 19,100, ekseli tatu za tela 22,600. Jumla 48,900, na ruhusa yangu ni 50,000, yaani jumla niko safi kabisa! Ila difu mwisho ni 18,000, na hata ukiongeza ile asilimia 5 inaishia 18,900. Mizani ya Vigwaza, kabla sijafika Morogoro, difu ilisoma 18,700 nikapita. Nampigia bosi ananiambia "gharama zote zinatoka kwenye posho yako, dereva ndo mwenye gari". Mimi sikupakia! Ghalani nilikatazwa hata kusogea, makuli wakarundika mbele karibu na kichwa ili wamalize haraka, nikasema wazi, msimamizi akaniambia kaa kwenye gari lako. Na Morogoro bosi mwenyewe kaniamuru nijaze diseli lita 600 kwa sababu ana akaunti pale.

Mwana Kibaigwa: Pole mkuu. Mizani hazifanani hizo, kila moja inasoma yake. Na kama jumla haijazidi hawaruhusiwi kukugusa, kagome.

Fundi wa Matela: Usimdanganye mwenzako. Jumla na ekseli ni vitu viwili, lami inaumia pale tairi linapokanyaga. Mleta uzi, matangi yako yako kati ya tairi za mbele na difu, kwahiyo diseli uliyojaza imegawana hapo. Ila lita 600 ni kama kilo 500, na nyingine umeshaichoma njiani, haiwezi kueleza kilo 400 zote kwenye difu. Ulipiga breki kali wapi?

Mleta uzi: Kabla ya Gairo, ng'ombe walikatiza.

Fundi wa Matela: Basi fungua turubai uangalie kama rundo la mbele limelala kwenye kichwa cha tela. Usishushe mzigo, hamisha. Toa mifuko 40 ya mbele kabisa, hiyo ni tani 2, ipeleke nyuma mita 5. Kutoka pini inayoshika tela kwenye kichwa mpaka katikati ya ekseli za tela ni kama mita 8, so 2,000 mara 5 gawa kwa 8, unahamishia nyuma kilo 1,250. Tela itafika 23,850 na mwisho wake ni 24,000, usizidishe hata mifuko 10 maana utahamisha kosa tu.

Mke wa Dereva: Wangu alikatwa posho kwa ajili ya tairi lililopasuka, watoto wakakosa ada. Hivi tairi nalo linapakiwa na makuli? Mnaongea kilo tu, nani anaongelea hizo hela?

Mwana Kibaigwa: Mimi bado nasema mizani. Au mifuko ya upepo ya tela inavuja.

Fundi wa Matela: Ya upepo inawezekana, sijaliona gari. Dada hapo juu ana hoja, kwenye posho mimi sina jibu. Ila ile karatasi ya Vigwaza usiitupe, inaonyesha difu ilikuwa imeshapita 18,000 na kukaribia 18,900 kabla hujajaza diseli.

Mleta uzi: Saa 3 usiku. Turubai tumefungua, rundo la mbele lilikuwa limelala kweli, mfuko mmoja umepasuka kwenye bati. Makuli wamechukua elfu 60 yangu ya mfukoni, utingo kabeba na wao mpaka fulana imelowa. Nimepimwa upya: 7,100, difu 17,950, tela 23,850. Karatasi zote mbili nimezipiga picha nikamtumia bosi na jina la ghala alikonipeleka. Kasoma. Hajajibu. Nalala hapa, Manyoni kesho.