Naomba ushauri: barua ya wafanyakazi kwa uongozi kuhusu msumeno usio na kinga

Habari zenu ndugu zangu. Tuko wafanyakazi 14 kwenye karakana ya mbao. Msumeno wa duara uliondolewa kinga kwa sababu ilikuwa inajaa vumbi na kukwamisha mbao, haikurudishwa. Swichi ya kuzimia haraka nayo ni mbovu. Wiki iliyopita ubao ulirushwa nyuma ukampiga mwenzetu tumboni. Angekuwa ameinama, ungempata usoni. Kwa kweli roho inatuuma.

Msimamizi tumemwambia kwa mdomo mara tatu, anajibu "tutaangalia". Sasa tumeandika barua ya ukurasa mmoja, bila kumlaumu mtu: tarehe ya tukio, kasoro mbili, na maombi yetu. Tunaomba mashine ikatiwe umeme hadi itengenezwe, kinga irudishwe pamoja na kisu cha nyuma kinachozuia ubao kubana meno, na kifyonza vumbi kifungwe, maana bila hicho kinga itaondolewa tena.

Maswali yangu: tusaini majina kwa duara asionekane wa kwanza, au mwakilishi asaini kwa niaba yetu? Na tarehe ya kujibiwa tuiandikeje isisomeke kama kitisho?