Naomba ushauri: kanuni ya thamani ya kodi isiyo na kikomo imenipa jibu hasi

Wanajamvi, habari za kazi. Nataka kununua fremu ya duka hapa Kigoma mjini, ambayo kodi yake ni shilingi 2,400,000 zinazolipwa kila mwisho wa mwaka, nami nahitaji faida ya asilimia 12. Kodi isipopanda kamwe, thamani ni 2,400,000 ÷ 0.12, yaani milioni 20. Ikipanda asilimia 4 kila mwaka, kigawanyo kinakuwa 0.08 na thamani inafika milioni 30.

Muuzaji anadai kodi itapanda asilimia 15 kila mwaka, na hapo kanuni inatoa hasi milioni 80, jambo lisilo na maana kwa fremu yenye mpangaji. Nilipokokotoa malipo moja moja, niliona kwamba la kwanza lina thamani ya leo ya takriban milioni 2.14 na la pili milioni 2.20, kwa hiyo kila linalofuata ni kubwa kuliko lililotangulia, jumla haina ukomo, na kanuni, inayodai thamani ya leo ya malipo izidi kupungua, haitumiki tena.

Nimejaribu asilimia 15 kwa malipo 5 ya kwanza, kisha asilimia 4 daima, nikapata takriban milioni 42.3, lakini milioni 31 kati ya hizo zinatokana na kodi za baada ya mwaka wa 5. Je, mnaofanya uthamini huchaguaje urefu wa kipindi cha kasi, na kiwango kipi cha ukuaji wa kudumu mngekikubali?