"Nani alikuandikia hii?" Jamani, hivi ndivyo memwari inavyosahihishwa?

Birere_kwetu (Goma)
Banatu, mkono unatetemeka kwa hasira. Mnamjua. Yule CT wa kalamu nyekundu, yule ambaye viatu vyake vikisikika kwenye ngazi promosheni nzima inanyamaza kama kanisani. Nimempelekea sura ya pili, ile ya wauzaji wa sambaza wa Kituku. Badala ya kunirudishia karatasi zangu, amepiga picha ukurasa wa 14, akaitupa kwenye grupu ya WhatsApp usiku. Mstari mwekundu umekata aya nzima pembe hadi pembe, na chini yake: "Nani alikuandikia hii?"

Kwenye grupu! Mpaka delege amecheka!

Na bado. Anataka nihoji watu 384. Orodha ya komite ya soko ina wauzaji 120. Hao 264 wengine niwavue ziwani kwa nyavu? Nimeandika sambaza ni samaki wa asili wa Kivu, ameandika "uongo". Nimeandika lava iliingia ziwani 2002, amefuta, ameweka 2021. Nifuate yapi, nitupe yapi? Sasa hivi nataka kutupa yote, pamoja na ile kalamu. Nani alikuandikia hii! Mbele ya watu!

Kadutu_juu (Bukavu)
Dada, fuata yote. Yeye njo mwenye saini. Bila saini hakuna kudifanda, hata ukiwa na haki ya mbingu na dunia.

Majengo_43
Hahaha, ile picha tumeiona hata sisi wa promosheni nyingine. Ule mstari ni mrefu kuliko barabara ya Sake.

Birere_kwetu
Mnacheka? Basi leteni na nyie kurasa zenu za 14.

Mzee_wa_Ibanda (Bukavu)
Mwanangu, pole. Kumtukana mwanafunzi kwenye grupu ni kosa, na hilo simtetei. Lakini maneno yake si ya aina moja, usiyapokee yote kwa mkupuo wala usiyatupe kwa mkupuo.

Anza na yale yanayohusu jambo la kweli, maana hayo hayana heshima wala ukali, yana kitabu tu. Kwa sambaza yuko sawa. Samaki huyo, *Limnothrissa miodon*, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Futa "wa asili", weka chanzo, na sentensi yako inapata nguvu zaidi, kwa sababu biashara unayoichunguza yenyewe ina umri wa miongo michache tu. Kwa lava wewe ndiye uko sawa. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikafika ziwani. Ile ya Mei 2021 ilisimama pembeni mwa mji, haikugusa maji. Acha 2002, ongeza chanzo chenye ukurasa, na usimwambie "umekosea". Mwonyeshe chanzo, kinatosha.

Kadutu_juu
Muze, mwanafunzi amkatalie CT tarehe? Atamfungia mlango.

Mzee_wa_Ibanda
Akiiacha 2021, juri watamuuliza yeye, si CT. Na juri wa Goma wengi waliiona lava hiyo kwa macho.

Birere_kwetu
Aksanti muze. Na hao 384?

Mzee_wa_Ibanda
Hapo ndipo pa kusoma taratibu. Ugonjwa ameuona, dawa ndiyo amekosea. Hiyo 384 inatoka kwenye fomula ya watu wengi mno au wasiojulikana idadi, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5. Wengi wanaishika kwa kichwa na kuiandika popote. Ukijua watu wako ni 120, unaisahihisha hivi:

```
n = 384 / (1 + 383/120) = 91,6
```

Yaani watu 92. Sasa wewe umehoji wangapi?

Birere_kwetu
60. Kwa kura, kutoka kwenye orodha ya komite.

Mzee_wa_Ibanda
Basi ana haki ya kusema ni wachache, kama umeandika kosa la asilimia 5. Una njia mbili. Rudi Kituku uongeze 32, nao wachaguliwe kwa kura ileile, si wale wanaokuita kwa mbali kwa sababu wanakujua. Au baki na 60, lakini uandike kosa lake la kweli, ambalo kwa 60 kati ya 120 ni karibu asilimia 9. Mimi ningeongeza 32. Ukigawanya wale 60 kati ya wa rejareja na wa jumla, kila kundi linabaki dogo mno kulinganisha.

Fizi_na_maji (Goma)
Fomula ya nini? Kwenye mahojiano unahoji mpaka majibu yanaanza kujirudia, basi. Mimi nisingeongeza hata mmoja.

Mzee_wa_Ibanda
Ni kweli kwa mahojiano marefu. Yeye ana jedwali za asilimia, hawezi kukwepa. Ila hapo kila mtu na shule yake.

Birere_kwetu
Sawa, lakini "nani alikuandikia hii" nayo ina fomula? Anasema nimeiba!

Mzee_wa_Ibanda
Picha nimeisoma. Toa tusi, tazama kilichobaki. Ukurasa wote unasema "wachuuzi" na "wanunuzi", sentensi fupi fupi. Ghafla aya hiyo inasema "mawakala wa kiuchumi", sentensi moja ina mistari mitano, na kuna tani za mavuno bila chanzo. Msomaji yeyote atashtuka pale. Zile tani zipewe mwandishi, mwaka na ukurasa, au zitoke. Kama maneno ni yako, rudisha "wachuuzi", kata ile sentensi mara tatu. Swali lake la "nani" usilijibu kabisa.

Halafu umrudishie na karatasi moja ya safu tatu: alichosema, ulichofanya na ukurasa wake, sababu. Yale uliyokubali yatangulie, 2002 na 384 vije chini. Akiona sambaza na aya ya 14 vimeshashughulikiwa, hizo mbili atazisoma kwa utulivu.

Birere_kwetu
Karatasi nitafanya. Lakini picha aitoe kwenye grupu. Bado iko pale!

Kenya_Lushi (Lubumbashi)
Weye unalia juu ya wino? Wangu hata kalamu hajaishika! Direktere ana kazi yangu tangu mvua ya kwanza. Ankadrere anasema ondoa sura ya tatu, direktere alisema iongeze. Nimfuate nani?

Kadutu_juu
Mwenye saini! Nimeshasema.

Mzee_wa_Ibanda
Usichague peke yako. Waandikie wote wawili barua pepe moja, weka maneno yao mawili jirani, uliza lipi libaki.

Mama_Noela
Samahani, na mimi nina mistari myekundu kwenye kompyuta, ya mawimbi, chini ya kila neno la Kiswahili. CT atadhani ni makosa?

Majengo_43
Mama, hiyo ni kompyuta inadhani unaandika Kifaransa. Chagua maneno ya Kiswahili, ingia `Révision` > `Langue` > `Définir la langue de vérification`, weka alama kwenye `Ne pas vérifier l'orthographe ou la grammaire`.

Mama_Noela
Imetoka! Sasa nani anajua mahali pa kuchapisha kwa bei nzuri? Huku kwa rangi wananitoza kama nanunua mashine.

Kenya_Lushi
Mama, chapisha rangi kurasa za grafiki tu. Na mimi nani atanijibu, barua pepe ya direktere inarudi kila nikituma, eti sanduku limejaa!