Naomba kusomewa pasi ya ndege niliyotumiwa kwa WhatsApp: geti 2, kundi 4, SEQ 031, kiti 12C (KIA kwenda Dar)

Mkazi wa Kiboriloni

Wakuu, heshima kwenu. Kesho kutwa ninasafiri kwa ndege kwa mara ya kwanza, kutoka KIA kwenda Dar es Salaam, kuhudhuria semina ya kazi. Tiketi imekatwa na ofisi. Karani aliyenisajilia safari mtandaoni alinitumia picha ya skrini ya pasi ya kupandia, naye tangu jana hapatikani kwenye simu. Nimefuta jina langu na namba ya tiketi, na yaliyobaki ni haya. Chini yake pana kisanduku cha madoa meusi na meupe ambacho nimekiacha kama kilivyo kwenye picha niliyoambatisha.

```
JRO - DAR    XX 417    14JUN
BOARDING 0710    DEP 0755
GATE 2  GROUP 4  SEQ 031  SEAT 12C
```

Kinachonitatiza ni hizo namba nne za mstari wa mwisho. Kwenye basi mtu hupewa namba moja tu, akaitafuta juu ya kiti na kukaa. Hapa sijui kama kiti changu ni 31 au 12, wala sijui kama nikifika getini nitatakiwa kusubiri watu thelathini watangulie ndipo niingie. Kwa kuwa kupanda ni saa saba na dakika kumi, nimepanga kutoka Moshi saa nne asubuhi baada ya kunywa chai, ili nisifike nikiwa na haraka. Naomba mwenye uzoefu anifafanulie.

Mzee wa Sakina

Karibu angani, ndugu yangu. Kiti chako ni 12C, yaani safu ya kumi na mbili, herufi C, na namba za safu utaziona zimeandikwa juu ya vichwa vya abiria, chini ya yale makabati ya mizigo midogo. Geti ni mlango wa kutokea kwenda kwenye ndege. Hiyo `SEQ 031` ni namba yako ya foleni, kwa hiyo mwenye 001 huingia wa kwanza, nawe utaingia wa thelathini na moja. Picha hiyo inatosha, huna haja ya kupita kaunta kabisa, nenda moja kwa moja hadi getini.

Binti Machame

Mimi nilipanda ndege ndogo pale uwanja wa Arusha, Kisongo, kwenda Zanzibar, na kadi niliyopewa haikuwa na kiti, kundi wala chochote cha namna hiyo. Rubani alitupanga mwenyewe, akiwaangalia wenye miili mikubwa wakae wapi. Kwa hiyo sioni kwa nini hizo namba zikusumbue, utaonyeshwa pa kukaa ukifika. Ila uliza mapema kuhusu kilo za begi, maana mimi nilitozwa.

Kaunta ya Zamani

Nimekaa nyuma ya kaunta za uwanja wa ndege kwa miaka mingi kabla ya kuhamia shughuli nyingine. Kabla sijagusa hizo namba nne, kuna mambo mawili ya haraka.

La kwanza, usitoke Moshi saa nne. Ndege hutumia saa zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane hadi 24, si saa zetu za kuanzia mapambazuko. `0710` ni saa moja na dakika kumi asubuhi, na `0755` ni saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Kama ingekuwa saa saba mchana unayoidhani, ingeandikwa `1310`. Ukitoka nyumbani saa nne, ndege itakuwa imekwisha kutua Dar na abiria wameshachukua mizigo yao. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakisimama mbele yangu na tiketi ya ndege iliyoondoka alfajiri kwa sababu ya jambo hili hili, na mfumo hauna huruma nalo.

La pili, iondoe hiyo picha uliyoambatisha. Ulifuta jina kwa juu, lakini kile kisanduku cha madoa kina jina lako tena pamoja na namba ya nafasi yako yenye herufi na tarakimu sita, na programu yoyote ya bure ya simu ya kusoma misimbo huyatoa kama maandishi ya kawaida. Mtu akiwa na jina la ukoo na hizo herufi sita anaweza, kwenye tovuti za kampuni nyingi, kufungua safari yako na kuibadilisha. Mkia wa maandishi hayo kwa safari kama yako huonekana hivi:

```
JRODARXX 0417 165Y012C0031 1
```

Unaona humo KIA kwenda Dar, namba ya ndege, siku ya 165 ya mwaka ambayo ndiyo tarehe 14 Juni, daraja la kawaida, kiti 12C na namba 31. Tazama sasa kisichomo: geti halimo. Geti huandikwa juu ya picha kwa ajili ya macho ya abiria tu, na linaweza kubadilika hata dakika chache kabla ya kupanda. Picha ya skrini imeganda pale karani alipoipiga, kwa hiyo `GATE 2` ichukulie kuwa habari ya jana. Ukishapita ukaguzi wa usalama, tafuta `XX 417` kwenye ubao wa matangazo, usome geti lililoandikwa mbele yake, kisha uendelee kusikiliza matangazo hata baada ya kuketi.

Kuhusu 031, Mzee wa Sakina amekaribia lakini amepotea njiani. Ni namba ya mpangilio wa kusajiliwa: wewe ni abiria wa thelathini na moja kuandikishwa kwa ndege hiyo, haijalishi alikuandikisha nani wala kutoka wapi. Haihusiani na zamu ya kuingia. Sisi wafanyakazi ndio tuliokuwa tukiihitaji, kwa sababu muda wa kufunga ukikaribia, orodha hutuonyesha nani hajapita, nasi huwatafuta waliobaki kwa jina na kwa namba hiyo. Ukikaa getini bila kusikia 31 ikitajwa, hiyo ni habari njema.

Kinachopanga zamu ni `GROUP 4`. Wakiita kundi la 1, baki umeketi. Wakifika la 4, simama. Ukichelewa kundi lako bado utaruhusiwa kupita, lakini ukitangulia unaweza kurudishwa nyuma.

Mzee wa Sakina

Nashukuru kwa kunisahihisha kuhusu 031. Lakini hayo makundi, kaka, mara zote nilizopita KIA sijawahi kuona yakifuatwa. Mlango ulifunguliwa, watu wakasimama wote kwa pamoja, tukatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi za ndege.

Kaunta ya Zamani

Hilo sikupingi. Ndege ikiwa ndogo au abiria wakiwa wachache, mhudumu wa getini huamua kuita wote. Hata hivyo ni uamuzi wake, kwa hiyo ndugu yetu asikilize atakachosema badala ya kufuata mkumbo wa wanaosimama.

Mkazi wa Kiboriloni

Picha nimeiondoa. Asante sana, Kaunta ya Zamani, hiyo saa ingenifukuzisha kazi. Basi nipigieni hesabu nzima. Natoka Moshi mjini na gari la rafiki, nina begi moja kubwa na mkoba wa kompyuta. Je, 12C ni dirishani? Ningependa niuone mlima. Na ni kweli kwamba sina haja ya kupita kaunta?

Kaunta ya Zamani

Tuanze na ndege kuondoka, turudi nyuma. Itaondoka saa mbili kasoro dakika tano. Kwa kawaida geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya hapo, ikiwa na maana kwamba baada ya saa moja na dakika 35 usitegemee kupita, hata kama ndege unaiona kwa macho yako imesimama pale nje. Begi kubwa ndilo linalokulazimisha kupita kaunta, na hapo ushauri wa kwenda moja kwa moja getini haukufai. Kusajiliwa mtandaoni kumekupa kiti, lakini hakukupokelea mzigo. Kaunta nyingi huacha kupokea mizigo kati ya dakika 40 na saa nzima kabla ya kuondoka, na muda kamili wa kampuni yako umeandikwa kwenye barua pepe ya tiketi, kwa hiyo mwombe mtu wa ofisini akutumie. Mimi ningekuwa mlangoni mwa uwanja saa kumi na mbili kamili asubuhi. Moshi hadi KIA ni kilomita zisizozidi arobaini na kitu, lakini kuna malori na kuna matuta, kwa hiyo ondokeni saa kumi na moja.

Pale kaunta, omba wakuchapishie pasi ya karatasi. Kisha linganisha na picha yako. Kama karatasi inasema 9D na picha inasema 12C, fuata karatasi, kwa sababu huenda wamebadilisha ndege na mpangilio wa viti umebadilika nayo. Kipokee pia kile kipande cha kibandiko cha begi, usome kama kimeandikwa `DAR`, ukitunze hadi utakapolichukua begi lako.

Kuhusu mlima, pole. C ni kiti cha kando ya njia. Kwenye ndege zenye viti vitatu kila upande herufi ni A hadi F, na dirisha ni A na F. Kwenye zile za mapanga zenye viti viwili viwili, nyingi huruka B na E, zikabaki A, C, D na F, na bado C inaangukia njiani. Ukiwa kaunta uliza kwa upole kama dirisha lipo, kwani wakati mwingine huwa limebaki.

Binti Machame

Karatasi ya nini siku hizi? Ndugu zangu wanapita na simu tu.

Kaunta ya Zamani

Wanapita, nami sikatai, hasa wanaoifungua pasi kwenye programu ya kampuni yenyewe. Tatizo ni picha iliyopita WhatsApp. Picha hupunguzwa ubora, na mara nyingi aliyeipiga amekata ukingo mweupe unaozunguka msimbo, ambao kwa aina nyingi za misimbo kifaa cha kusomea huuhitaji ili kitambue msimbo unaanzia wapi. Ikuze picha kwenye simu yako. Kama kingo za madoa zimefifia kama zilizolowa maji, au kama msimbo umegusa mwisho wa picha, kifaa kinaweza kukataa, na wewe ukajikuta unaongeza mwangaza wa skrini huku foleni nzima ikikutazama. Aliyeikata angeituma kama faili, ingefika bila kupunguzwa.

Mzee wa Sakina

Kwa upande wangu simu imenitosha kila mara, na karatasi niliwahi kuisahau chooni. Kila mtu na bahati yake.

Mkazi wa Kiboriloni

Nimeikuza. Upande wa kulia msimbo umegusa kabisa ukingo wa picha. Nitapita kaunta na kitambulisho changu, na dereva nimeshamwambia saa kumi na moja alfajiri. Amenijibu kwa kuuliza kama nina uhakika si saa kumi na moja jioni.