Wakuu, mbege ya posa imekuwa nyepesi, niikoleze na nini kabla ya kesho?

Mangi_Mpole (Ijumaa, saa 1:40 asubuhi)
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Kesho tunapeleka mbege kwa wakwe zangu watarajiwa, Kibosho. Tumepika wenyewe, mimi na mama mdogo, mapipa mawili ya lita 100. Ndizi tulizichemsha wiki iliyopita mpaka zikawa nyekundu, nyangi ikakaa siku saba. Jana jioni tukachuja, tukachanganya na uji wa mso, tukatia msesewa. Nimeonja alfajiri hii: tamu kama juisi, kichwani haifiki.
Safari ya kwanza mzee mmoja wa kule alisema mbege yetu ni uji wa mgonjwa. Ukumbi mzima ukacheka. Sirudii ile aibu. Nitie nini ipande haraka? Hamira? Sukari? Mahubiri sitaki.

Kijiwe_Nongwa
Mkuu, oa Dodoma. Kule wanataka ng'ombe, na ng'ombe haonjwi.

Mtumishi_Mnyenyekevu
Ndugu, unaanza ndoa kwa kulewesha ukoo. Peleka kreti za soda, Mungu atafungua njia.

Kijiwe_Nongwa
Kasema mahubiri hataki, umemhubiria ndani ya dakika nne.

Mama_Kata
Mwanangu, nimepika mbege tangu naolewa, na sasa nina wajukuu. Mmechanganya jana jioni, umeonja alfajiri, na mwezi huu wa saba huku mlimani ni baridi tupu. Ulitaka iwe imefika wapi? Mbege ya leo asubuhi ni tamu, ya leo jioni inaanza kusema, ya kesho mchana ndiyo mbege. Keshokutwa ni uchachu tu.
Nijibu mawili. Uji wa mso ulipoa kabisa kabla hamjamimina? Ukimimina ungali moto unaua kile kinachochemsha pombe, hapo utasubiri mpaka Krismasi. Na mapipa yamekaa wapi?
Msesewa usiongeze. Ule unatia uchungu, kileo hautii. Vijana wanasikia uchungu mdomoni wanadhani ndiyo ukali.

Mangi_Mpole
Shikamoo mama. Uji ulikuwa vuguvugu hivi, ukitia kidole unavumilia. Pipa liko stoo, sakafu ya saruji.

Mama_Kata
Marahaba. Basi halijafa, limelala. Litoe kwenye saruji, liweke jikoni karibu na mafiga, lifunike kwa magunia. Saa sita mchana weka sikio. Ukisikia linachemka kama mvua kwenye majani ya mgomba, limeamka, liache.

Baharia_Mtwapa
Nyie wa bara mwahangaika bure. Huku pwani twanywa mnazi. Marehemu babangu alikuwa mgema, akipanda asubuhi na jioni. Ule wa asubuhi mtamu, hata mtoto aramba. Ule uliolala, twauita mangwe, huo wataka heshima. Ajabu ya mnazi ni kuwa haukungoji: waweka chupa mezani, wapiga soga, ukija kumaliza si mnazi uleule uliomiminiwa. Na kibuyu kisipooshwa, yale masazo ya jana yaamsha tembo jipya kabla halijashuka mtini. Babangu aliacha kunywa akiwa juu baada ya mwenziwe kuanguka na kuvunjika nyonga. Alikuwa amekunywa "kidogo" tu, kama kila siku. Ile kidogo siku hiyo ilikuwa kali.

Kijiwe_Nongwa
Swali lilikuwa mbege, kaka.

Mama_Kata
Mwache, kasema jambo. Hata mbege watu wanahesabu kata, hawahesabu ukali.
Mangi, ulisema mapipa mawili. Mbona unanijibu la moja?

Mangi_Mpole
La pili lipo sawa tu mama.

Mama_Kata
Sawa vipi, na yote yamepikwa siku moja, kwa ndizi moja?

Mangi_Mpole (saa 4:15)
Ok. La pili jana usiku nilitia gongo, dumu la lita 10. Lakini wakuu msinirukie. Wanafanya hivyo wengi, hata vilabuni. Gongo lenyewe la ndizi, kwa hiyo ni kitu kilekile. Na hela imeshatoka. Nilichotaka kujua ni kama la kwanza nalo nilitie au hamira inatosha.

Fundi_Rejeta
Hilo lipime kwa kiberiti. Mimina kwenye kijiko, washa. Moto wa bluu ni salama. Mwekundu, mwaga. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Bukoba, anajua kazi.

Sista_Zamu
Fundi, usimfundishe hivyo. Spiriti ya viwandani ile inayopofusha watu nayo inawaka bluu, tena mwanga wake mchana huuoni. Kiberiti kinakuambia kileo kipo kingi, hakikuambii ni kipi. Pua na ulimi navyo havijui.
Mangi, ndizi yenyewe inatoa kidogo sana ya hiyo sumu, haitoshi kukudhuru kwenye mbege. Mpika gongo mzoefu anamwaga yale matone ya mwanzo yanapotoka kwenye bomba, mwenye tamaa hamwagi. Ila wanaokufa kwa mkupuo, kama kule Kirinyaga, Kenya, mwaka 2024, mara nyingi ni shauri ya mtu kuongeza spiriti ya kiwandani kinyemela. Hilo dumu ulilitoa kwa nani?

Mangi_Mpole
Kwa kijana mmoja anapita na pikipiki. Simfahamu sana. Bei ilikuwa nusu.

Sista_Zamu
Bei nusu.
Haya, tuchukulie ni gongo safi kabisa. Mbege yako tuseme ni asilimia 3, pipa lina lita 3 za kileo. Gongo la asilimia 40, lita 10, umeongeza lita 4. Umezidisha zaidi ya mara mbili, na rangi ni ileile, kata ni ileile. Mzee aliyezoea kata nne amekunywa nane na zaidi, halafu anashuka makorongo ya Kibosho usiku. Nimewapokea wodini, najua wanavyoletwa.

Mangi_Mpole (saa 6:50 mchana)
Sista, swali la pembeni tu. Kijana aliyenisaidia kubeba jana usiku alikunywa vikombe vitatu vya lile gongo, kavu. Asubuhi alikuwa mzima. Sasa hivi anasema tumbo linakata na anaona kama ukungu. Ni hangova?

Kijiwe_Nongwa
Chai hii wakuu, ongezeni sukari. Asubuhi mbege nyepesi, saa nne gongo, sasa kuna kipofu. Halafu nimepekua: mwezi wa tano huyu aliandika ana mke na mtoto Arusha. Leo anaposa Kibosho?

Fundi_Rejeta
Kweli bwana. Huyu ni muuza kilabu anatafuta fomula.

Mtumishi_Mnyenyekevu
Niliona mapema roho ya uongo.

Sista_Zamu
Iwe chai au si chai, naandika kwa atakayesoma. Hangova haileti ukungu machoni. Kunywa usiku, kuamka mzima, mchana macho yakazibwa, ndivyo sumu hiyo inavyokuja. Mpeleke hospitali sasa hivi, siyo duka la dawa, na useme saa aliyokunywa na kiasi. Maziwa hayasaidii. Beba gongo kidogo kwenye chupa.

Mangi_Mpole (saa 10:22 jioni)
Mke tuliachana, si lazima niwaeleze. Kijana amelazwa, wamemtundikia dripu, daktari ameuliza yaleyale ya sista. Macho bado. Wakwe nimewapigia, nimesema gari limeharibika.
Mama, pipa la kwanza linachemka kweli, kama ulivyosema.

Mama_Kata
Na la pili umelimwaga?

Mangi_Mpole
Bado. Mama mdogo anasema tulichuje kwanza.