Naomba ushauri: fiba imekatika, VRRP haijahama

Habari za jioni wakuu. Ofisini kwetu Posta tuna swichi mbili za usambazaji, kila moja na fiba yake ya kutokea. A ina kipaumbele 110, B 100. Poti ya fiba ya A ikizima, inapunguza 20, inabaki 90, B inachukua. Nikichomoa waya kwa mkono, inahama vizuri tu.

Juzi fiba ya A ilikatika huko mtaani. Poti inaishia kwenye konveta humu humu kwenye reki, kwa hiyo taa ya kijani ikaendelea kuwaka! A ikabaki masta, ofisi nzima haina intaneti, B imekaa tu.

Nafikiria kufuatilia kwa pingi badala ya poti. Nipingi geti la mtoa huduma au anwani ya mbele zaidi? Na fiba ikirudi, A isubiri sekunde ngapi kabla ya kurudisha umasta?